Mtaji watu: ujuzi unavyogeuka kuwa kipato

Mtaji watu ni elimu, ujuzi na afya ya mtu, yaani yale yanayomwezesha kuzalisha zaidi kwa saa zilezile za kazi. Wachumi Theodore Schultz na Gary Becker waliieneza dhana hii miaka ya 1960. Kama mtaji mwingine wowote, huu nao hugharimu kwanza ndipo ulipe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Kibirizi, Kigoma, anapakua mizigo mwaloni na kupata shilingi 150,000 kwa mwezi. Anaacha kazi hiyo akasomee ufundi wa injini za boti kwa miaka miwili. Ada na vifaa ni 1,200,000. Wengi huishia kuhesabu hapo, lakini kipato alichokiacha kwa miezi 24 ni 3,600,000, mara tatu ya ada. Kwa hiyo gharama yote ni 4,800,000. (Chakula hakimo, maana angekula hata asiposoma.) Ndiyo maana hata baada ya serikali kufuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, bado kuna familia zinazoona shule ni ghali: mikono ya mtoto inahitajika nyumbani au kazini.

Akihitimu na kulipwa 250,000, nyongeza ni 1,200,000 kwa mwaka. Miaka minne inarudisha gharama, ukiacha riba, na bado ana miaka mingi ya kufanya kazi.

Lakini nani atakubali kumlipa nyongeza hiyo, na kwa nini? Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka sana, boti nyingi hupumzika. Injini ikifa katikati ya siku hizo za giza, mwenye boti hupoteza usiku ambao hataupata tena hadi mwezi ufifie. Fundi anayejua kupima kama tatizo ni plagi, mafuta au kabureta huirudisha majini jioni ileile. Asiyejua hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Cheti bila uwezo huo hakiongezi hata ndoo moja ya dagaa.

Faida haiishii kwake. Mabaharia wanapata mgao, wanaoanika dagaa wanapata kazi, msafirishaji anapata mzigo. Boti ni zilezile, pato limeongezeka, na huo ni ukuaji wa uchumi, ingawa ziwa nalo lina kikomo chake.

Mbona basi mwenye gereji hamsomeshi kijana huyo mwenyewe? Becker alieleza: ujuzi unaotumika popote, mwanafunzi anaweza kuondoka nao kesho akaajiriwe kwa jirani. Kwa hiyo gharama humwangukia mwanafunzi, mara nyingi kwa kukubali ujira mdogo akiwa bado anajifunza. Benki nayo husita kumkopesha: boti inaweza kukamatwa deni lisipolipwa, ujuzi ulio kichwani haukamatiki.