Kwa nini chai hukolea na ukungu huwa mzito

Wapo wanaodhani hivi kuhusu kujifunza Kiswahili: "Ukijua maana ya neno na sarufi yake, unaweza kuliunganisha na neno lolote."

Sarufi ni sharti la lazima, lakini haitoshi. Mtu wa Rungwe au Mufindi, kwenye mashamba ya chai, atasema chai imekolea. Ukimwambia "chai yenye nguvu" atakuelewa, ila atajua kwamba hivyo sivyo isemwavyo. Vivyo hivyo baridi ya Makete ni kali, ukungu wa milima ya Uporoto ni mzito na mvua ya masika ni kubwa, ingawa sifa zote tatu zinaonyesha wingi au ukubwa wa jambo linalotajwa. Sababu si mantiki, bali mazoea: wasemaji wamerudia jozi hizo hadi zikakaa pamoja. Ndiyo maana pombe huwa kali, lakini usingizi huwa mzito.

Anayejifunza aanzie kwenye nomino, kwa kuwa msemaji huwa na jambo la kusema kabla ya sifa yake. Chini ya "mvua" aandike sentensi nzima: mvua kubwa imenyesha, mvua imekatika, mvua ya rasharasha inanyesha. Chini ya "upepo": upepo mkali unavuma.

Akishuku jozi fulani, aitafute mtandaoni ndani ya alama za kunukuu, kwa mfano "ukungu mzito" kisha "ukungu mkali", na asome sentensi zenyewe badala ya kutegemea idadi ya matokeo, kwani idadi hiyo ni makadirio, na baadhi ya kurasa ni tafsiri za mashine.