Je, wajua video ipi ikae ya kwanza na ipi ya mwisho ili mtu asitoke mapema?

"Nina pleilisti ya video sita za vitafunwa vya futari, watu wanaingia vizuri tu lakini wengi hawamalizi. Nitajuaje zipangwe vipi ili mtu akae muda mrefu zaidi?"

Usiangalie video moja moja, angalia maungio. Ungio ni pale video moja inapoisha na nyingine inaanza, na pia ule mlango anaotokea mtu akiondoka katikati ya video. Wengi wanafungua takwimu, wanaona video yenye vyuu nyingi wanaipeleka juu, yenye vyuu chache wanaishusha, na hapo ndo wanapotea, kwa sababu video ya kwanza itakuwa na vyuu nyingi siku zote hata iwe mbovu, kila anayeingia si anaanzia hapo.

Sasa data yenyewe inatoka wapi. Kama pleilisti iko YouTube tu, utapata wastani, hutapata safari ya mtu mmoja mmoja. Kwenye API yao ya takwimu kuna `playlistStarts` (mara ngapi pleilisti imeanzishwa), kuna `viewsPerPlaylistStart` (kila ikianzishwa zinachezwa video ngapi kwa wastani) na kuna `averageTimeInPlaylist`, ambayo ni dakika anazokaa mtu baada ya kuanzisha. Hiyo ya mwisho ndo ya kushika. Ile ya idadi ya video inadanganya kirahisi, maana ukijaza video za dakika mbili mbili itapanda wakati muda wa watu haujaongezeka hata kidogo.

Ila kama video zako unazicheza kwenye tovuti au apu yako mwenyewe, basi unaweza kuandika kila tukio. Pleya ya YouTube inayowekwa kwenye tovuti inatoa taarifa kupitia `onStateChange`: 1 maana yake inacheza, 2 imesimamishwa, 3 inasubiri mtandao, 0 imeisha, na `getPlaylistIndex()` inakwambia uko video ya ngapi, ila inaanza kuhesabu na 0. Kila tukio unaliandika na saa yake na namba ya sesheni. Sesheni ni kikao kimoja cha mtu, na kawaida ya wengi ni kwamba akikaa dakika 30 bila tukio lolote kikao kinahesabika kimeisha. Kwenye video hapo kuna mtego, mtu anaweza kutazama video ndefu bila kugusa chochote, kwa hiyo pleya itume alama ndogo kila sekunde 15 hivi kusema "bado nipo", la sivyo hutajua alitoka dakika ya tatu au ya kumi na saba.

Ukishakuwa na jedwali lenye mstari mmoja kwa kila video iliyoanzishwa, kuhesabu maungio ni kazi fupi:

```sql
SELECT video, inayofuata, COUNT(*) AS idadi
FROM (
  SELECT video,
    LEAD(video) OVER (PARTITION BY sesheni ORDER BY muda) AS inayofuata
  FROM matukio
) m
GROUP BY video, inayofuata;
```

Pale `inayofuata` ikiwa tupu, huyo mtu ameishia hapo.

Tuchukue hiyo pleilisti ya futari na tuweke namba za mfano ili ionekane. Mpangilio wa sasa ni chapati za maji (dakika 4), sambusa (18), kaimati (6), katlesi (9), vitumbua (7), halafu mkate wa kumimina (10). Tuseme wameanza watu 1,000. Waliofika sambusa ni 620, kaimati 310, katlesi 270, vitumbua 240, mkate wa kumimina 220.

Ukisoma haraka haraka utasema vitumbua ndo video bora kuliko zote, maana kati ya 240 waliofika pale 220 waliendelea mbele, karibu 92 kwa mia, wakati chapati za maji zimepoteza watu 380, kwa hiyo tupeleke vitumbua juu. Subiri kwanza. Wale 240 ni watu ambao tayari wameshavuka sambusa ya dakika 18, ni wapishi wa kweli, pengine ana unga mkononi kabisa, huyo hata ungemwekea video yoyote angeendelea. Wale 1,000 wa mwanzo wamechanganyika, kuna aliyebonyeza kwa bahati mbaya, kuna aliyetaka kipimo cha maji tu akaenda zake. Kulinganisha asilimia ya nafasi ya tano na ya nafasi ya kwanza ni kulinganisha watu tofauti, sio video tofauti. Hili ndo kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi hii na nimeona watu wazoefu wakiangukia humo.

Kinachoonekana kweli hapo ni sambusa, nusu nzima ya waliofika wameishia pale. Ila bado usiihukumu, ingia ndani uangalie wametoka dakika ya ngapi. Kama wengi wametoka dakika ya nne, pale bibie anapoanza kuchoma manda moja moja, shida ni urefu na mwendo wa video yenyewe. Kama wameimaliza yote halafu hawakuingia kaimati, shida iko kwenye ungio, labda mtu ameshiba, dakika 18 zimemtosha, ameenda kupika. Ya kwanza unatibu kwa kuhariri video au kuisogeza, ya pili unatibu kwa kuisogeza peke yake. Tuseme kwetu ni ya kwanza, wengi wametoka dakika ya nne.

Na kuna kutoka kwa aina ya tatu ambako huku kwetu ni kwingi sana, bando limeisha. Huyu hajachoshwa na mtu. Utamtambua kwa sababu alama zake za "bado nipo" zinakatika ghafla, pengine baada ya 3, inasubiri mtandao, halafu kimya, hakuna 2 wala 0 wala alama ya kufunga ukurasa. Watu hawa watenge pembeni wahesabiwe kivyao, ukiwachanganya na waliochoka utaishia kulaumu video ndefu kwa kosa la mtandao.

Upande mwingine kuna anayelala huku simu inacheza yenyewe. Huyo anakuletea kikao cha masaa matatu na wastani wako unaruka juu, ndo maana karibu na wastani weka pia muda wa mtu wa katikati, ukiwapanga wote kuanzia aliyekaa kidogo mpaka aliyekaa sana. Kama wastani umepanda na yule wa katikati hajasogea, mpangilio haujasaidia watu wengi, ni wachache tu wamelala.

Sasa kupanga upya. Video sita zinaweza kupangwa kwa njia 720, huwezi kuzijaribu zote, na huna haja. Maungio yameshakupa dokezo, kwa hiyo unatunga mpangilio mmoja wenye sababu: anza na chapati za maji kama zamani, fuatisha fupi, kaimati halafu vitumbua, kisha katlesi, mkate wa kumimina, na sambusa ya dakika 18 iende mwisho kabisa, pale waliobaki ni wale wenye nia.

Halafu uujaribu, na hapa kuwa makini sana. Usibadilishe leo ukalinganisha wiki hii na wiki iliyopita, hasa kwa vitafunwa vya futari! Mwezi wa Ramadhani ukiingia kila namba itapanda hata ukipanga vibaya, na Idi ikipita zitashuka zote, utaamini mpangilio wako umeleta kitu kumbe ni kalenda. Kwenye tovuti yako fanya hivi, kila kikao kipya kinapoanza seva irushe shilingi, nusu wapate mpangilio wa zamani nusu wapya, wote siku zile zile saa zile zile. Kwa YouTube kurusha shilingi kwa kila mtu haiwezekani, basi unageuza kwa siku, Jumatatu wa zamani, Jumanne mpya, na wiki inayofuata unapindua ili Jumatatu ipate mpya, angalau kila mpangilio upate kila siku ya wiki.

Rudi kwenye mfano. Kwa mpangilio wa zamani, ukijumlisha dakika zote walizotazama wale 1,000 tuseme unapata kama dakika 17 na nusu kwa kila mtu. Mpangilio mpya nao umepata watu 1,000, waliofika video ya pili ni 700, ya tatu 580, ya nne 500, ya tano 430, na sambusa pale mwisho 330, jumla kama dakika 22 na nusu kwa kila mtu. Angalia kitu kimoja: sambusa yenyewe imepoteza vyuu karibu nusu, kutoka 620 mpaka 330, na bado pleilisti nzima imepata dakika tano zaidi kwa kila anayeingia. Mwenye chaneli akiangalia ukurasa wa sambusa peke yake ataumia na atataka kuirudisha juu.

Je tofauti kama hiyo ni ya kweli au ni bahati? Chukua hatua ya kwanza tu, 620 dhidi ya 700 kati ya elfu elfu, tofauti ya watu 80, hiyo bahati peke yake haiwezi kuileta kirahisi. Lakini ungekuwa na watu 50 tu kila upande, asilimia zile zile zingekuwa 31 dhidi ya 35, tofauti ya watu wanne, na watu wanne wanaweza kutokea kwa sababu yoyote ile. Chaneli ndogo isikimbilie kutoa hukumu baada ya siku mbili, iache jaribio litembee wiki kadhaa bila kugusa kitu, kichwa cha video wala picha yake ya juu, maana ukibadilisha na hivyo hutajua kipi kimefanya kazi.

Halafu kuna wale ambao hawaanzii mwanzo kabisa. Mtu kasachi "kaimati laini", kaingia moja kwa moja video ya katikati ya pleilisti, kwake hiyo ndo ya kwanza. Hawa wahesabu tofauti na walioanzia juu, na ungio lao muhimu ni moja tu, kile kinachofuata baada ya video waliyoitafuta. Kwenye mpangilio wetu mpya aliyeingilia kaimati anakutana na vitumbua vya dakika 7, zamani alikuwa anakutana na katlesi za dakika 9. Ukiona kundi hili ni kubwa kuliko wanaoanzia juu, acha kuhangaika na nani awe wa kwanza, kaa na hiyo video moja inayosachiwa sana ujaribu majirani wake wawili watatu.

Na kama video zako ni za masomo, mfano hesabu za sehemu lazima zitangulie hesabu za asilimia, basi hizo usizisogeze hata data iseme nini. Jaribu zile zilizo huru tu, mifano ya mitihani, marudio, maswali ya wanafunzi, uone zinakaa vizuri katikati ya masomo au zote mwishoni.