Cheti cha BRELA si leseni, na video yetu si ahadi

Sisi tunaotengeneza video za kuelekeza usajili wa jina la biashara, dhana inayotuchosha kuliko zote hapa Tanga ni hii: "Nimeshasajili BRELA, nafungua duka." Hapana. BRELA ni wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na ulichosajili kwao ni jina. Ruhusa ya kufanya biashara ni leseni, na hiyo inatoka kwingine.

Chukua mtu anayetaka kufungua duka la vitenge Ngamiani. Kwa namba yake ya NIDA anafungua akaunti kwenye mfumo wa ORS wa BRELA, anapendekeza jina, anachagua aina ya shughuli na kujaza anwani. Kisha anapakua fomu, anaisaini, anaiskani na kuipandisha tena, halafu analipa kwa namba ya malipo aliyopewa: 15,000 ya usajili na 5,000 ya ada ya mwaka. Mfumo huchukua majina yake kutoka NIDA, kwa hiyo herufi iliyokosewa kule hairekebishwi BRELA. Anza nayo NIDA, utajiokolea safari.

Cheti kikitoka, bado ana sehemu mbili za kupita. TRA atapata TIN, yaani namba ya mlipakodi, na kukadiriwa kodi kulingana na mauzo anayotarajia. Akishapata uthibitisho wa TRA kwamba mambo yake ya kodi yako sawa, ndipo anaomba leseni ya Halmashauri ya Jiji kupitia mfumo wa TAUSI. Hapa ndipo wengi wanakwama: kwa BRELA waliandika "ushauri", kwa TRA wakasema "duka", kwa halmashauri wanaomba leseni ya nguo. Shughuli iwe ileile kote tangu siku ya kwanza. Na leseni inafuata mahali. Akifungua tawi Bagamoyo, cheti cha jina kinabaki kilekile, lakini tawi linahitaji leseni yake, tena kwa halmashauri nyingine.

"TIN inauzwa." TRA wanaitoa bure. Unachomlipa kijana wa stesheneri ni kazi yake ya kukujazia fomu, basi.

"Sasa nina kampuni." Jina la biashara halikutenganishi na biashara yako. Duka likidaiwa, unadaiwa wewe, na mali zako binafsi zimo hatarini. Kampuni ni usajili mwingine, wenye katiba na ada zake. Hata nembo ya kwenye mifuko yako hailindwi na cheti hiki. Ulinzi wake unaombwa kama alama ya biashara.

"Nimefuata video yenu hatua kwa hatua, mbona maombi yamerudishwa?" Video inaonyesha pa kubofya na cha kuandaa. Anayeamua ni msajili. Jina likifanana mno na lililokwisha sajiliwa, litakataliwa hata kama fomu yako haina kosa. Kwa hiyo tafuta jina kwenye mfumo kabla ya kuomba, uwe na mengine mawili ya akiba, na usimpe fundi kazi ya kuchora bango kabla cheti hakijatoka.