"Niambie wewe utapata nafasi lini": dhana potofu za kuahirisha kikao na mteja

Wiki iliyopita kijana wa ofisi ya jirani aliniletea simu yake nimsomee ujumbe kabla hajamtumia mteja: "Shikamoo mzee. Samahani sana, kesho sitaweza, nimepata dharura. Niambie wewe utapata nafasi lini." Nikamwuliza mbona hajataja siku. Akanijibu maneno ambayo nimeyasikia mpaka nimeyachoka: "Dada, mzee kama yule humpangii muda. Ni kukosa adabu."

Nilisoma uhazili Tabora, na huu ni mwaka wa kumi na moja ninashika kitabu cha miadi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Kigoma. Dharura yetu kubwa ni moja. Jioni simu inalia: mzigo wenu unakaguliwa kesho asubuhi bandarini, njooni. Huwezi kusema una mgeni. Kwa hiyo kusogeza vikao ni kazi yangu ya kila wiki, na haya ndiyo ninayokutana nayo.

Dhana: Kumwachia mteja achague siku ndiyo heshima

Ukweli ni kwamba umemtupia kazi yako. Wewe ndiye uliyevunja miadi, wewe ndiye mwenye kitabu, halafu yeye ndiye abahatishe ni lini bosi wako yupo. Mteja muungwana atajibu "siku yoyote", na hapo ndipo balaa linapoanza.

Nikupe la kwetu. Mteja wetu mmoja wa Bujumbura alikuwa na kikao Jumanne saa 4 asubuhi. Jumatatu jioni tukaitwa kwenye ukaguzi, na aliyekaa mezani kwangu siku hiyo akamwandikia huo huo ujumbe wa "niambie wewe". Mzee akajibu siku yoyote. Akaulizwa Jumatano? Akasema sawa, mchana. Jumatano mchana bosi alikuwa na mtu. Basi Alhamisi? Mzee akaandika: "Alhamisi, nitakuwa hapo 9h." Mwenzangu akaandika kitabuni saa 9 alasiri. Mzee alimaanisha saa tisa za saa ya ukutani, yaani saa 3 asubuhi, tena saa 3 ya Burundi, ambayo kwetu ni saa 4, maana Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja. Alikaa kwenye benchi letu tangu saa 4 asubuhi, na bosi aliingia saa 9 kasoro, akishangaa mteja amewahi kufika.

Zilihesabika jumbe kumi na nne. Ujumbe mmoja ungetosha:

"Shikamoo mzee. Naomba tusogeze kikao chetu cha kesho Jumanne tarehe 13, saa 4 asubuhi. Tumeitwa kwenye ukaguzi wa mzigo bandarini na ni lazima bosi awepo. Nimekushikia nafasi hizi tatu, ofisini kwetu:
1. Jumatano tarehe 14, saa 9:30 alasiri
2. Alhamisi tarehe 15, saa 4:00 asubuhi
3. Ijumaa tarehe 16, saa 3:00 asubuhi
Hizi ni saa za Kigoma; kwa Bujumbura punguza saa moja. Nijibu kwa namba tu. Nitazishika hadi kesho saa 6 mchana. Kama zote hazikufai, nitajie yako nami nitaitafutia nafasi. Samahani kwa usumbufu, mzee wangu."

Adabu haijapungua hata chembe, na mzee bado ndiye anayechagua. Tofauti ni kwamba anachagua kati ya vitu vilivyopo.

Sasa tazama zilivyochaguliwa. Jumanne alasiri haimo, ingawa ukaguzi umeitwa saa 3 asubuhi na mtu angedhani utaisha mapema. Ukaguzi wa saa 3 unaweza kuanza saa 6. Usimpe mteja muda unaotegemea dharura iishe kwa wakati, kwa sababu kuahirisha mara ya kwanza anakusamehe, ya pili anatafuta wakala mwingine. Jumatano nimeweka alasiri kwa sababu anayepita mpaka wa Manyovu asubuhi ana foleni ya uhamiaji kabla hajaona Kigoma. Ijumaa nimeweka saa 3 kwa sababu mzee ni mtu wa swala, na baada ya saa 5 akili yake iko msikitini. Kwa mteja wetu wa Kasulu ambaye ni Msabato, Jumamosi siigusi kabisa.

Kwa nini tatu? Moja inasomeka kama amri. Nikiweka sita, mteja anaahidi kuzitazama baadaye, na hiyo baadaye haiji.

Na neno "nimekushikia" liwe la kweli. Nafasi zote tatu naziandika kitabuni kwa penseli, jina lake na alama ya kuuliza. Akijibu, moja napitisha kalamu, mbili nafuta. Nimeona ofisi zinazotoa nafasi ile ile kwa wateja wawili halafu zinaomba radhi kwa aliyechelewa kujibu.

Dhana: "Saa tatu" inaeleweka

Baina yetu wawili, ndiyo. Lakini kalenda ya simu inaandika 09:00, mteja wa ng'ambo ya ziwa anaandika 9h, na Uvira na Kalemie nao wako saa moja nyuma yetu kama Bujumbura. Andika saa, kisha asubuhi, alasiri au usiku, kisha ni saa za wapi. Siku nayo iambatane na tarehe. "Alhamisi ijayo" ikisemwa Jumatatu, nusu ya watu wataelewa Alhamisi ya wiki hii hii, nusu wataelewa ya wiki inayofuata.

Dhana: Ukieleza dharura kwa kirefu mteja ataelewa zaidi

Sentensi moja inatosha. Nilishasoma ujumbe wenye aya mbili za ugonjwa wa shemeji, na siku mpya haikutajwa mahali popote. Tena mambo ya mzigo wa mteja mwingine usiyataje kabisa. Kigoma ni ndogo, mwenye mzigo anaweza kuwa mshindani wake.

Dhana: Ngoja kwanza, huenda tukawahi

Hii wanaipenda mabosi. Wakati wewe unangoja, mteja wa Kibondo ameshakata tiketi. Ukijua jioni, mwambie jioni ile ile. Ukijua alfajiri, usiandike. Piga, kwa sababu swali la kwanza ni kama ameshaondoka. Kama yuko njiani, nafasi tatu zako hazina maana: uliza anafika saa ngapi na analala wapi, kisha mpe muda wa siku hiyo hiyo na mtu mwingine wa ofisi anayelijua faili lake, hata kama ni kupokea karatasi tu.

Dhana: Nimeshatuma, kwa hiyo anajua

Alama moja ya vema kwenye WhatsApp maana yake ujumbe haujamfikia. Ukipita muda wa saa moja bado ni moja, piga. Asipopatikana, tuma ujumbe wa kawaida, kisha mpigie aliyemleta kwetu. Na ukimpata kwa simu mkakubaliana, bado mwandikie mstari mmoja: "Tumekubaliana Alhamisi tarehe 15, saa 4:00 asubuhi, saa za Kigoma."

Yule kijana wa jirani aliufuta ujumbe wake, akaandika upya akiwa amesimama mlangoni kwangu. Mzee wake alijibu baada ya dakika kama tano hivi: "2."