Mchoro wa naitrojeni: ule mshale wa maharage unaishia wapi?

Kazi yangu ni udongo, na kila nikiwachorea wakulima wa mahindi na maharage huku Mbeya mzunguko wa naitrojeni, naanza na mshale mmoja tu, ule unaotoka hewani kushuka kwenye mizizi ya maharage. Huo ndo unaeleweka vibaya kuliko yote. Mtu anasikia maharage ni mbolea, basi anachanganya na mahindi, anapunguza mbolea msimu huohuo, alafu mahindi yanaanza kuwa njano kuanzia ncha ya majani ya chini na ile njano inaingia katikati ya jani kama V. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, na maharage yapo hapohapo pembeni.

Sasa iko hivi. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hewa. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharage ndo wanaigeuza, na wanampa mwenye nyumba wao, yani haragwe, sio mahindi ya jirani. Ng'oa shina moja taratibu kwa jembe wakati linatoa maua, pasua kinundu kwa ukucha, kikiwa chekundu au pinki ndani bakteria wanafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani ujue mshale huo kwenye shamba lako haupo. Na ukimwaga mbolea nyingi ya naitrojeni kwenye maharage vinundu vinakuwa vichache, mmea ukipata cha bure haujisumbui kuwalisha bakteria.

Mshale wa pili unatoka kwenye haragwe kwenda udongoni, na huu unapita kwenye mabaki: majani, mashina, mizizi vikioza. Kwa hiyo anayekula ni zao la msimu unaofuata. Tatizo ni namna tunavyovuna, tunang'oa shina zima, tunabeba mpaka nyumbani, tunapiga kwa fimbo uani, na mabaki yanabaki hukohuko uani, mbuzi wanakula au yanachomwa moto.

Tupige hesabu ya ekari moja. Tuseme umepata gunia 4 za kilo 100. Punje za maharage zina naitrojeni kama asilimia 3.5, kwa hiyo kwenye magunia zimeondoka kilo 14. Mabaki tuyape kilo 6, jumla mmea ulibeba kilo 20. Tuseme nusu ilitoka hewani (kwa maharage ya kawaida hiyo ni kuyapendelea, mara nyingi inakuwa chini ya hapo), maana yake kilo 10 zilitoka kwenye udongo wako. Mabaki ukiyarudisha yote shamba limepungukiwa kilo 4, ukiyachoma uani limepungukiwa kilo 10. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo zile kilo 6 za kwenye mabaki ulizounguza ni kama robo ya mfuko.

Tukifika kwenye mshale wa mbolea, urea haiingii kwenye mhindi moja kwa moja. Ikigusa unyevu inageuka amoniamu ndani ya siku chache, na kama umeitupa juu ya udongo wenye unyevu jua linawaka, sehemu yake inapaa kama amonia, huo ni mshale unaorudi hewani na hela yako. Ndo maana nasisitiza ifukiwe sentimita 5 hivi, pembeni ya shina sio juu yake. Ikiwa chini, udongo unaishika amoniamu, bakteria wengine wanaigeuza kuwa naitreti, na naitreti mahindi yanaipenda sana ila udongo hauishiki. Mvua kubwa ikija inaizamisha chini ya mizizi, na sehemu maji yanapotuama bakteria wanaigeuza tena kuwa hewa. Ndo sababu ya kugawa mbolea ya kukuzia mara mbili badala ya kuimaliza yote siku moja.

Kuna mshale mwingine mdogo unaotatanisha, wa mabua. Ukifukia mabua makavu ya mahindi karibu na kupanda, vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni na vinaichukua udongoni kabla ya mahindi, kwa hiyo mimea inakuwa njano wiki za mwanzo. Haijapotea, itaachiwa baadae mabua yakishaoza.

Mshale wa maharage ukitaka unenepe, piga maharage shambani kwenye turubai badala ya uani, mabaki yanabaki palepale. Au fanya kama wenzetu wa Babati wanaopanda mahindi na mbaazi: mbaazi inabaki shambani miezi baada ya mahindi kuvunwa, inaangusha majani yake yenyewe chini, na hayo hakuna anayeyafunga kwenye gunia.