Maelezo ya onyo, "kupokelewa" na neno hiari

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, mashine iko kisogoni, redio ikatangaza kwamba mahakama imepokea maelezo ya onyo ya mshtakiwa mmoja wa mauaji baada ya kulitupa pingamizi la mawakili wake. Kinyozi akazima mashine asikie vizuri, kisha akatoa hukumu yake: "Huyo kwisha habari yake. Amekiri, na mahakama imekubali." Jamaa aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu akaongeza kwamba mawakili wanapoteza muda wa watu. Kama mtu kasema mwenyewe ameua, alipigwa au hakupigwa inahusu nini?

Nilinyamaza, maana wembe ulikuwa unakuja karibu na sikio. Lakini hii ni mara ya ngapi sijui nasikia maneno hayohayo, kwenye daladala, msibani, hata kwa watu waliosoma.

Kwa kifupi, ungamo ni maneno ya mtuhumiwa yanayoonyesha kwamba yeye ndiye aliyetenda kosa. Akiyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake, yanaandikwa na kuitwa maelezo ya onyo. Akiyatoa mbele ya mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, ni maelezo ya ungamo. Chini ya Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, yote mawili yanaweza kuwa ushahidi iwapo tu yalitolewa kwa hiari, na kazi ya kuithibitisha hiari hiyo ni ya upande wa mashtaka. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba aliteswa.

Basi, maana ndiyo hiyo. Kinachonikera ni hilo neno hiari.

Tumelipata kwa Waarabu, na shina lake ni la kuchagua. Ni ndugu wa damu wa neno heri, lile tunalosema "heri nibaki kuliko kwenda". Mwenye hiari ni mtu aliyewekewa njia mbili akashika moja. Sasa angalia wazee walivyosema: heri nusu shari kuliko shari kamili. Aliyening'inizwa tangu usiku, akaambiwa atashushwa akisema, naye amechagua kwa maana hiyo. Kapima shari mbili, kaona kutia sahihi ndiyo ndogo. Kumbe hata kinywa chake kikitamka "nasema mwenyewe", kilichochaguliwa pale ni kushushwa. Habari ya kosa haikuwamo kwenye mizani. Ndiyo maana sheria haiishii kuuliza kama mtu alisema mwenyewe, inauliza alikuwa anakimbia nini au anafuata nini alipoyasema.

Anachofuata nacho kina uzito wake. Watu wakisikia "bila hiari" wanafikiria virungu tu, lakini ahadi tamu inaharibu ungamo kama kipigo. Kesi ambayo wanasheria hupenda kuanzia ni ya Uingereza, mwaka 1783, ya mwanamke aitwaye Jane Warickshall aliyeshtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Hakuna aliyemgusa. Aliahidiwa kwamba angetendewa wema, akaungama, na mali ikakutwa kitandani kwake. Mahakama ikakataa ungamo lake, kwa hoja kwamba maneno yaliyokamuliwa na tumaini au na hofu hayana sura ya kuaminika. Lakini mali yenyewe ikapokelewa. Kitu kilichokuwa kitandani kilikuwa kitandani, iwe mwenye kitanda kasema kweli au kasema uongo. Mali haiwezi kudanganya ili ipate nafuu. Mtu anaweza.

Hapo ndipo sababu ya kwanza ya kukataa ilipo, na haina uhusiano na huruma kwa wahalifu. Maumivu yanamfanya mwenye hatia aseme, na yanamfanya asiye na hatia aseme vilevile, kwa hiyo kusema kwake hakutusaidii kujua ni yupi kati yao. Mahakama za Ulaya ya zamani zilizoruhusu mateso zililijua hili. Zilidai mtu aliyekiri kwenye chumba cha mateso arudie maneno yake baadaye, nje ya chumba, kwa utulivu. Utaratibu mzuri ukiutazama kwa mbali, isipokuwa aliyekana aliweza kurudishwa chumbani. Sababu ya pili ni ya kwetu na imeandikwa kwenye Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(e), inayopiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Haiwezekani chombo kimoja cha dola kikatazwe kutesa, kingine kikae kwenye kiti kirefu kupokea matunda ya mateso.

Hata hivyo sheria yetu haisemi kwamba kila neno la kutisha au la kubembeleza linaua ungamo. Inasema lisikataliwe kwa sababu ya tishio au ahadi isipokuwa mahakama ikiona kwamba jambo lenyewe, katika mazingira yale, lingeweza kumfanya mtu akiri uongo. Askari akisema "zungumza, nikuagizie chai", sidhani kuna hakimu atakayeamini mtu alijibebesha mauaji kwa kikombe cha chai. Akisema "zungumza, au mkeo naye tunamweka ndani", hapo mambo ni mengine.

Tuseme kijana mmoja, tumwite Shabani, anakamatwa saa mbili asubuhi kwa wizi wa pikipiki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji, bila kuhesabu mambo kama muda wa kumsafirisha kwa ajili ya upelelezi, na zinaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Maelezo yake yanaonyesha yalianza kuandikwa saa kumi na mbili jioni, kituo kilekile, bila kumbukumbu yoyote ya kuongezwa muda. Ndani yake kuna sentensi mbili: "Mimi ndiye niliyeiba pikipiki. Nimeificha migombani kwa shangazi." Polisi walikwenda migombani, wakaikuta.

Mahakamani, askari aliyeandika anaomba kuyatoa kama kielelezo. Hakimu anamgeukia Shabani: una pingamizi? Hii ndiyo saa yake. Akinyamaza hapa na kuja kulalamika wakati wa kujitetea, atakuwa amechelewa. Shabani anasema alipigwa nyayo na kuambiwa akisema atalala kwake. Basi kesi kubwa inasimama, inaanza kesi ndogo ndani yake, kama magazeti yanavyoiita. Upande wa mashtaka unatangulia na mashahidi wake: nani alikuwapo, chumba gani, saa ngapi, kwa nini saa kumi zilipita. Kisha Shabani anaeleza yake, na fomu ya matibabu aliyopewa alipofika gerezani inaweza kusema kuliko yeye. Ukweli wa maelezo haujadiliwi hapa. Baraza la Siri la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni yake, katika kesi iliyotoka Hong Kong mwishoni mwa miaka ya 1970, liliamua kwamba kwenye hatua hii mshtakiwa asiulizwe kabisa kama aliyoyasema ni kweli. Yule jamaa wa kwenye benchi angelisikia hilo angedondoka, lakini ndiyo roho ya jambo lenyewe. Ukianza na "lakini ni kweli?", kila kipigo kitakachozaa jibu sahihi kitakuwa kimesamehewa.

Tuseme hakimu hakuridhika, maelezo yakakataliwa. Je, pikipiki nayo inarudi migombani? Hapana. Sheria inaruhusu ile sehemu ya maneno iliyosababisha kitu kupatikana, basi. "Nimeificha migombani kwa shangazi" inaweza kuingia, "mimi ndiye niliyeiba" inabaki nje. Ni Warickshall yuleyule na kitanda chake.

Angepelekwa kwa mlinzi wa amani, ingekuwa vigumu zaidi kwake kupinga. Mlinzi wa amani anayejua kazi yake huwatoa askari nje, humuuliza mtu alikamatwa lini, alilala wapi, kuna aliyemtisha au kumwahidi kitu, humwambia halazimiki kusema, na humkagua mwili kuona kama ana majeraha, kisha huyaandika yote hayo kabla ya neno la kwanza la ungamo. Ukiisoma karatasi ukakuta ungamo limejaa kurasa tatu na maswali hayo hayamo, jua kuna mahali pamerukwa.

Kenya wamekwenda mbali zaidi. Tangu mabadiliko ya miaka ya 2000, ungamo halipokelewi mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtuhumiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe.

Sasa nirudi kwa kinyozi, kwenye "mahakama imekubali". Kupokelewa kwa kielelezo ni kufunguliwa mlango tu. Katika kesi ya Freeman Mbowe na wenzake, maelezo ya mshtakiwa wa pili yalipiganiwa kwenye kesi ndogo, yakapokelewa Oktoba 2021. Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi nzima, na hakuna jaji aliyewahi kuyapima maelezo hayo kwenye hukumu. Kuyapima ni kazi ya mwisho, na mshtakiwa akiwa ameyakana, ina masharti yake. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliyaweka mwaka 1967 katika kesi ya Tuwamoi iliyotoka Uganda, na yanatumika mpaka leo: anayesema "nilisema, ila nililazimishwa" na anayesema "sikusema kabisa" wote wanatazamwa kwa tahadhari ileile. Kwa kawaida mahakama itatafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono maneno yao, na ikiyategemea yenyewe tu, lazima iwe imeridhika kabisa kwamba ni ya kweli.

Na neno kukiri lenyewe, jamani, tulipunguzie mzigo. Anayesimama kizimbani, akasomewa shtaka na kujibu "ni kweli", amekiri kosa, na anaweza kutiwa hatiani palepale akikubali na maelezo ya kesi. Yule wa kwenye redio alijibu "si kweli", ndiyo maana kuna mashahidi na mawakili. Alichonacho ni karatasi ya polisi yenye sahihi yake. Nilimweleza kinyozi hivyo wakati ananipaka spiriti. Akafikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo nisemeje, hajakiri?" Nikamwambia aseme polisi wanasema alikiri, na mahakama imekubali kuisoma karatasi yao.