Mazungumzo ya WhatsApp mahakamani: simu iko wapi?

Mteja wangu alinijia na bahasha yenye karatasi saba zilizochapwa stesheneri. Ndani yake mdaiwa anakiri deni la shilingi milioni 6, tena kwa lugha ya kuomba radhi. Mteja aliona kesi imekwisha. Mimi nikamuuliza simu iko wapi.

Simu alikuwa nayo. Ila mwanawe ndiye aliyepiga picha za skrini, akaikata mojawapo "ipendeze", akamrushia kijana wa stesheneri, naye akachapa. Kabla karatasi hazijanifikia, zilikuwa zimepita mikono mitatu, na hakuna aliyeandika chochote.

Hapa Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini kupokelewa ni jambo moja, uzito ni jingine. Mahakama inatazama ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kusafirishwa, na mtumaji alivyotambuliwa.

Zile karatasi tukaziweka kando, tukaanza upya kwenye simu yenyewe. Tulihamisha mazungumzo yote, siyo vipande vitamu tu, yakawa faili moja. Kisha tukachukua alama yake ya kidijitali:

```
sha256sum mazungumzo.zip
```

Herufi moja ikibadilishwa ndani ya faili, alama hiyo inabadilika. Tuelewane lakini: inathibitisha kwamba faili halijaguswa tangu siku ile. Ya kabla ya hapo haiyajui. Ndiyo maana simu yenyewe ilifungwa kwenye bahasha, ikaandikiwa namba yake ya IMEI, na kila aliyeipokea akatia saini na saa. Mteja akala kiapo kueleza simu ni ya nani, ilikuwa ikifanya kazi vizuri, na nani alihamisha nini lini. Picha za risiti nazo tulizitoa humo humo kwenye simu iliyozipiga, kwa sababu picha ikirushwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za saa na kamera.

Udhaifu mkubwa ulikuwa kwingine. Juu ya skrini paliandikwa jina tu, na jina analiandika mwenye simu. Hata mimi naweza kumsevu shemeji yangu kwa jina la waziri. Tulifungua ukurasa wa mawasiliano ili namba ionekane. Kama nilivyotarajia, mdaiwa akasema namba si yake.

Bahati nzuri alishalipa laki tano kwa simu, kwa namba ile ile. Tukaomba taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, na ofisa wao akaja kuitoa. Kumbukumbu inayotunzwa na mtu asiye upande wowote, katika shughuli zake za kila siku, sheria inaichukulia kuwa halisi mpaka upatikane ushahidi wa kuipinga. Wakili wa mdaiwa alimuuliza yule ofisa maswali mawili, akakaa.